Kiharusi Kinapogusa Lugha

Msikilizaji, baba amepata kiharusi. Anataka chai, lakini kinachotoka ni "ch... ch..." tu. Hiyo ni afasia: sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha imeumia. Afasia si wazimu. Narudia: si wazimu.

Wengine huelewa, ila maneno hukwama. Wengine husema kwa mteremko, maneno yasiyoeleweka, na wao wenyewe hawaelewi wanachoambiwa. Hawa ndio hudhaniwa wamechanganyikiwa.

Mtaalamu wa tiba ya usemi humpima mgonjwa: ataje kijiko, arudie sentensi, asome, aandike, afumbe macho kwa kuambiwa tu, bila ishara. Lakini nyumbani tunamwambia anywe huku tukimnyooshea kikombe, kisha tunasema anaelewa maneno!

Usemi ukibadilika ghafla, mkimbize hospitali. Hali ikitulia, omba apimwe, tena kwa lugha aliyoizoea nyumbani.