Daftari la Uwanjani na Saa ya Kamera: Namna ya Kuorodhesha Matukio ya Mechi

Maelezo yaliyotolewa kwa vijana wanaorekodi mechi za mashinani, Kitengela



Mechi ikirekodiwa Kitengela siku ya Jumapili, mara nyingi anayeikata video ni mtu mwingine kabisa, pengine aliye Kajiado mjini, ambaye hakukanyaga uwanjani. Mkononi ana rekodi ya karibu saa mbili, na anatakiwa atoe video ya dakika tatu au nne. Asipopewa orodha nzuri ya matukio, atalazimika kutazama mchezo wote, au atarukaruka na kuacha bao nje. Anayeumia hapo ni mchezaji. Kijana wa mashinani akitaka kocha wa mbali amwone, mara nyingi video hiyo fupi ndiyo ushahidi pekee alio nao.

Tatizo kubwa ni kwamba kuna saa mbili. Mwenye daftari huandika kwa saa ya mchezo, inayoanza refa anapopuliza kipenga. Kamera nayo huhesabu tangu ilipowashwa, na kwa kawaida huwashwa wakati timu zingali zinapasha misuli. Bao lililoandikwa "dakika ya 23" halipo kwenye dakika ya 23 ya rekodi.

Tena, "dakika ya 23" yenyewe ina mtego. Katika soka, dakika ya kwanza ni ile inayoanzia sifuri. Kwa hiyo bao la dakika ya 23 limefungwa saa ya mchezo ikisoma kati ya 22:00 na 22:59. Anayelitafuta kuanzia 23:00 atakuta wachezaji wameshapongezana na mpira unarudishwa katikati. Ndiyo maana mwenye daftari huandika dakika na sekunde kama anavyozisoma kwenye saa yake, kwa mfano 22:40, badala ya dakika pekee.

Kuziunganisha saa hizo mbili kunahitaji alama mbili tu. Ya kwanza ni wakati wa rekodi ambapo mpira unapigwa kuanza kipindi cha kwanza. Ya pili ni pale unapopigwa kuanza kipindi cha pili. Alama ya pili ni lazima, kwa sababu dakika za nyongeza na mapumziko hubadilika kila mechi.

Tuchukue mfano. Rekodi inaonyesha mpira ukianza 0:06:30, na kipindi cha pili kikianza 1:08:15. Daftari linasema jezi nyekundu nambari 9 alifunga 22:40. Mwenye daftari anajumlisha 0:06:30 na 22:40, anapata 0:29:10. Kisha kuna penalti iliyookolewa na kipa saa ya mchezo ikisoma 67:20. Hapa anatoa kwanza dakika 45 za kipindi cha kwanza, zinabaki 22:20. Akizijumlisha na 1:08:15 anapata 1:30:35.

Kadi nyekundu ya 46:15 ndiyo hupoteza wengi. Kama ilitolewa katika dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza, iko 0:52:45 kwenye rekodi. Kama ilitolewa mara tu baada ya mapumziko, iko 1:09:30. Ni tofauti ya karibu dakika 17, na hiyo 46:15 peke yake haisemi ni ipi. Basi kila mstari wa daftari huanza na K1 au K2, yaani kipindi cha kwanza au cha pili.

Baada ya hesabu, mwenye daftari hufungua rekodi na kuhakiki. Kwenye programu ya VLC, `Ctrl+T` hufungua kisanduku cha kuandika muda, na video huruka hadi hapo. Hapo ndipo anapoamua tukio lianzie wapi. Sekunde ambayo mpira unaingia wavuni haitoshi, kwa kuwa mtazamaji anataka kuona bao lilivyotafutwa. Katika mfano wetu, nambari 9 alimpokonya beki mpira 0:28:52, akafunga 0:29:10, na shangwe ikapoa 0:29:30. Mhariri hupewa mwanzo na mwisho, na maneno machache ya kinachoonekana:

```
K1 | 0:28:52-0:29:30 | A | Bao, nyekundu 9, apokonya beki
K1 | 0:52:30-0:53:05 | A | Kadi nyekundu, bluu 4
K2 | 1:30:10-1:30:50 | A | Penalti, kipa wa bluu aokoa
K2 | 1:41:20-1:41:35 | B | Mkwaju wagonga mwamba, nyekundu 11
```

Herufi A ni tukio ambalo video haikamiliki bila hilo: bao, penalti, kadi nyekundu. B ni la kuongeza nafasi ikiwepo. Mhariri akiona A zote zimefika dakika mbili, anajua amebakiwa na nafasi ya B ngapi. Mwenye daftari anayetia A kila mahali amemrudishia mhariri kazi yote.

Makosa ya muda hujionyesha yenyewe. Kama matukio matatu ya kwanza yote yamechelewa kwa sekunde nane zilezile, matukio hayana kosa. Alama ya kuanza mpira ndiyo imesomwa vibaya. Irekebishwe hiyo moja, na matukio yote ya kipindi hicho yatanyooka. Lakini kama matukio ya mwanzo ya kipindi yako sawa na yanayofuata ya kipindi hicho hicho yamepotoka, kamera ilisimamishwa au rekodi imekatika mahali fulani kati yake. Kamera nyingine husimama zenyewe kabla ya dakika 30, na nyingine hugawa rekodi katika faili kadhaa. Faili ya pili huanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Faili ya kwanza ikiwa na urefu wa 0:45:00 na kamera haikusimama, ile kadi ya 0:52:45 iko 0:07:45 ndani ya faili ya pili. Jina la faili liandikwe basi kando ya kila tukio, kama linavyosomeka kwenye kadi ya kamera, mfano `C0002.MP4`. Na kama kamera ilisimama kwa muda, mwenye daftari hutafuta alama mpya, kwa mfano kipenga au kona ambayo aliandika saa yake.

Lililobaki ni jina la mchezaji. Mvua ikinyesha Kitengela, udongo mweusi hupaka jezi hadi 3 na 8 zinafanana. Daftari huandika rangi na nambari. Majina hutoka kwenye orodha ya timu iliyochukuliwa kabla ya mechi, pamoja na saa ya kila mchezaji wa akiba aliyeingia. Nambari isipoonekana, huandikwa "nambari haikuonekana", kisha nahodha huulizwa mechi ikiisha, kabla watu hawajatawanyika. Kubahatisha ni kumpa mtu bao la mwenzake, na video ikishasambaa kwenye simu za watu haikusanyiki tena.

Vivyo hivyo, daftari haliamui kesi. "Refa ametuibia" hakumsaidii mhariri. "Kibendera juu, bao lakataliwa, 1:22:05" humpeleka moja kwa moja mahali penyewe, na mtazamaji atajionea.