Slaidi za Siku Tatu katika Kurasa Nne
Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi, Magole



Tumeombwa tueleze jinsi lilivyotungwa lile karatasi la kurasa 4 ambalo wengi wenu mmelitundika karibu na ghala. Kazi ile haikuwa nyepesi kama tulivyodhani.

Semina ya kuhifadhi mahindi ilidumu siku 3, ikawa na wasemaji 3, na kila mmoja alituachia faili lake la slaidi. Zilipojumlishwa zilikuwa slaidi 107. Kwanza tuliziunganisha tu, moja nyuma ya nyingine, tukachapa nakala moja ya majaribio. Maandishi ya manjano juu ya rangi ya buluu, yaliyong'aa ukutani, yalitoka kwenye mashine yetu kama giza tupu. Wala hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kwamba slaidi ni kumbukumbu ya msemaji, si maneno yake. Aliyekuwapo huikumbuka sauti. Asiyekuwapo huona nusu ya sentensi.

Twatoa mfano mmoja. Slaidi ya siku ya pili ilikuwa na picha ya chupa, na chini yake maneno haya: "Chumvi isiposhika, mahindi yamekauka." Basi. Lakini msemaji alieleza kwa kinywa kwamba chupa ya kioo na chumvi viwe vikavu kabisa, vitikiswe pamoja na mahindi, kisha viachwe kama dakika 15; na kwamba chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isiposhika, umepungua chini ya hapo, wala haijulikani umepungua kiasi gani. Mkulima akiisoma slaidi peke yake atafunga mahindi yenye unyevu wa asilimia 14 katika mfuko usiopitisha hewa, akiamini ameambiwa afanye hivyo. Mfuko huo huwaua wadudu kwa kukosa hewa, lakini haukaushi mahindi. Unyevu uliofungiwa humo hubaki humo. Tusisahau kwamba mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi.

Kwa hiyo tulirudi kwenye madaftari ya wanachama 4 waliohudhuria siku zote, na chini ya kila slaidi tukaandika yaliyosemwa. Ndipo tulipogundua jambo la pili: wasemaji walipingana. Wa kwanza aliandika asilimia 13.5, wa tatu akaandika 13. Mwenzetu mmoja alishauri tuchukue katikati. Tulikataa, maana kipimo hakipatikani kwa suluhu ya wazee. Tuliwapigia simu wote wawili, ikaonekana kila mmoja ana haki yake. Asilimia 13.5 ndiyo kikomo cha unyevu katika kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, yaani mpaka wa mnunuzi anapopokea mzigo. Asilimia 13 au chini yake ndiyo tunayoitaka kabla ya kufunga mfuko wa kuweka kwa miezi. Karatasini tumeandika namba zote mbili, kila moja na kazi yake, tukaongeza kwamba chumvi haithibitishi hata moja: kwa hilo mahindi yaletwe chamani kwenye kipima unyevu.

Mpango wa siku tuliuvunja. Mkulima hafanyi kazi kwa siku ya kwanza na ya pili ya semina. Huvuna, hukausha, hupukuchua, hupima, hufunga. Basi tulizipanga habari kwa mwendo huo. Salamu, picha za mapambo na marudio viliondolewa. Kukausha juu ya turubai, kwa mfano, kulikuwa mahali 5, kukabaki mahali pamoja. Pembeni mwa kila fungu tuliweka siku na namba ya slaidi, ili mwenye shaka aweze kurudi kwenye asili. Mafaili yenyewe hatukuyagusa. Tulifanya kazi kwenye nakala.

Wasemaji walisoma na kusahihisha kabla ya kuchapwa. Kisha tukampa mama mmoja mwanachama, ambaye hakuhudhuria, atusomee kwa sauti. Alisoma vizuri hadi kwenye kufunga mfuko, akasimama. "Mmesema nifunge kila tabaka peke yake," akasema, "lakini hamkusema matabaka ni mangapi." Tulitazamana. Slaidi ilikuwa na picha yenye matabaka 3, mawili ya nailoni ndani na moja la gunia nje, nasi picha hiyo tulikuwa tumeiondoa pamoja na mapambo.

Tuliirudisha. Ndiyo sababu karatasi mlilonalo limeandikwa juu "Toleo la Pili". Mwenye la kwanza na alilete ofisini abadilishiwe.