Ndoa Iliyo Batili Mara Mbili: Kusoma Kifungu cha 171 kwa Kanuni Tatu za Tafsiri

Mada kwa semina ya mahakimu, mawakili na wanafunzi wa sheria



Kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema, kwa ufupi, kwamba mtu mwenye mume au mke aliye hai, akipitia taratibu za kufunga ndoa ambazo ni batili kwa sababu zimefanyika wakati mume au mke huyo yu hai, ametenda kosa na anaweza kufungwa miaka 5. Sasa mchukueni mwanamume mwenye ndoa ya kiserikali ambayo haijavunjwa. Anakwenda kwa msajili wa ndoa katika kaunti nyingine, anajiandikisha kuwa hajaoa, na anafunga ndoa na mtoto wa dada yake. Akishtakiwa, wakili wake anasimama na hoja moja: ndoa hii ya pili ingekuwa batili hata kama mteja wangu hangekuwa na mke, kwa maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inamkataza mtu kumwoa mpwa wake. Kwa hiyo, asema wakili, haikubatilika kwa sababu ya mke aliye hai.

Hoja hii ina mizizi mirefu, na si ya kupuuzwa. Uingereza iliikabili mwaka 1872 katika kesi ya Regina dhidi ya Allen. Allen alifiwa na mke wake wa kwanza, akaoa wa pili, kisha huyo wa pili akiwa hai akafunga ndoa na mpwa wa yule marehemu. Tangu mwaka 1835 sheria ya huko ilikuwa inabatilisha ndoa kati ya mtu na jamaa wa karibu wa mke wake aliyefariki. Kifungu cha 57 cha sheria ya mwaka 1861 kilimtia hatiani yeyote ambaye, akiwa ameoa, ataoa mtu mwingine mwenzi wake akiwa hai. Utetezi ukauliza: ataoaje, ikiwa ndoa yenyewe sheria haiitambui?

Hapo mbele ya majaji palikuwa na usomaji wa aina tatu, na wanafunzi wengi wanakosea kwa kudhani ulikuwa wa aina mbili tu. Usomaji wa kwanza unasema kuoa ni kufunga ndoa halali. Wa pili unasema kuoa ni kufunga ndoa ambayo ingekuwa halali isipokuwa kwa kizuizi cha mwenzi aliye hai. Wa tatu unasema kuoa ni kupitia taratibu ambazo sheria inazitambua kuwa ni za kufungia ndoa, hata kama mwisho wake ni ubatili.

Kanuni ya kufuata maneno yalivyo inaanza kwa kuyapa maneno maana yake ya kawaida, na maana ya kawaida ya kuoa inaelekea kwenye usomaji wa kwanza. Lakini usomaji huo unakiua kifungu. Aliye na mke katika ndoa ya mke mmoja hawezi kamwe kufunga ndoa halali na mwingine; kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kutiwa hatiani. Hapa ndipo kanuni ya dhahabu inapoingia, ile iliyoelezwa na Lord Wensleydale katika Grey dhidi ya Pearson mwaka 1857: maneno yafuatwe kwa maana yake ya kawaida, isipokuwa pale yanapoleta upuuzi au kupingana na sehemu nyingine za andiko. Usomaji wa kwanza ukaanguka.

Tafadhalini tusimame hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo majibu mengi ya mitihani, na hata baadhi ya hoja za mahakamani, yanapokatikia. Mtu akishaonyesha upuuzi wa usomaji wa kwanza, anarukia wa tatu na kuandika kwamba kanuni ya dhahabu imeamua. Haijaamua. Usomaji wa pili nao unaondoa upuuzi ule: wengi wangetiwa hatiani, ila si mtu kama Allen. Na haukuwa wa kubuni. Katika kesi ya Fanning ya mwaka 1865, majaji wengi wa Ireland waliukubali. Kanuni ya dhahabu hufukuza usomaji usiowezekana. Ukibaki na miwili inayowezekana, inakuacha hapo.

Kilichochagua kati ya miwili hiyo ni lile swali la kesi ya Heydon ya mwaka 1584: ni dosari gani ambayo sheria ya awali haikuitibu, Bunge liliweka dawa gani, na kwa nini? Mahakama, kwa kauli ya Jaji Mkuu Cockburn, iliiona dosari katika kitendo cha mtu aliyefungwa na ndoa kuutumia vibaya utaratibu mzito wa ndoa, jambo linaloudhi maadili ya umma na mara nyingi kumdhuru asiye na habari. Dosari hiyo ni ileile, awe bibi harusi ni mpwa wa marehemu au mtu baki. Usomaji wa tatu ukashinda, na Fanning ikakataliwa.

Turudi Kenya. Mwandishi wa kifungu chetu alitumia maneno ya kupitia taratibu, yaani matokeo ya Allen. Lakini akaongeza maneno ya ubatili kwa sababu ya mwenzi aliye hai, na maneno hayo yanaonekana kuirudisha Fanning kwa mlango wa nyuma. Wakili wa utetezi ana haki ya kudai yapewe kazi, kwa kuwa mahakama haichukulii kwamba maneno ya sheria yamewekwa bure.

Yapewe kazi, naam, lakini ipi? Anayesoma kifungu hiki akiwa na vitabu vya Uingereza peke yake hataiona. Kenya ina ndoa za Kiislamu na za kimila, ambazo sheria inazichukulia kuwa za wake wengi au zinazoweza kuwa hivyo. Muislamu mwenye mke aliyemwoa Kiislamu, akioa wa pili Kiislamu, ana mke aliye hai na amepitia taratibu za ndoa. Bila maneno yale ya ubatili, angekuwa mhalifu. Maneno yale ndiyo yanayomtoa, kwa sababu ndoa yake ya pili si batili. Lakini mwenye ndoa ya kiserikali, ya Kikristo au ya Kihindu hatoki hata akioa wa pili Kiislamu, kwa kuwa kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia.

Kwa hiyo maneno hayo yana kazi kamili bila ya kumsaidia mshtakiwa wetu. Nayo yenyewe hayasemi “kwa sababu hiyo peke yake”. Utetezi ndio unaoongeza neno. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Ndoa kinataja undugu uliokatazwa na ndoa ya awali kama sababu mbili, na kila moja inatosha kubatilisha. Ndoa ya mtu huyu ilibatilishwa na zote mbili.

Upande wa mashtaka usitie chumvi kwenye hoja ya upuuzi. Usomaji wa utetezi haukiui kifungu kama ule wa kwanza ulivyofanya katika Allen. Unatoa watu wachache tu. Kumwachia anayevunja makatazo mawili na kumfunga anayevunja moja ni jambo la ajabu, lakini sheria zina mambo ya ajabu mengi ambayo ni Bunge tu lenye mamlaka ya kuyarekebisha. Uzito wa hoja uwekwe kwenye dosari: msajili amedanganywa na utaratibu wa umma umetumiwa na mtu asiye na haki nao.

Imebaki ngao ya mwisho ya utetezi, kwamba sheria ya jinai ikiwa na shaka isomwe kwa faida ya mshtakiwa. Ngao hiyo ni ya kweli, na hakimu asiione kama usumbufu. Ila inatumika pale shaka inapobaki baada ya kanuni zote kufanya kazi yake, si pale tu mawakili wawili wanaposoma mstari mmoja kwa namna mbili. Kama maneno ya ubatili yangekosa kazi nyingine, ningesema shaka ipo na mshtakiwa aachiwe. Kwa kuwa kazi yao inaonekana wazi katika ndoa zetu za wake wengi, shaka hiyo haipo, na maoni yangu ni kwamba mtu huyu ana hatia chini ya kifungu cha 171.