Mtoto Akisema: «Papa, Masomo Nimeacha»

Mafundisho ya jamaa. Kusoma: Luka 14:28-30, Waefeso 6:4



Katika Luka 14 Bwana wetu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, anaketi na kuhesabu gharama. Leo tunapenda kuketi pamoja na wazazi ambao kijana wao anataka kuacha masomo ili atafute pesa.

Jamaa moja ya hapa kwetu Bukavu ilitujia kwa maombi. Kijana wao ana miaka 16, yuko mwaka wa ine wa sekondari. Binamu yake alikuwa amerudi kutoka Kamituga na simu mpya, akamwambia kwamba kule zahabu iko. Siku ile ile kijana akasema: «Papa, masomo nimeacha. Naenda kuchimba.» Baba akakasirika, akamwambia: «Ukienda, usirudi tena katika nyumba yangu.» Usiku kijana akafunga nguo zake katika mfuko. Ni mama aliyeuona.

Tulimwuliza baba: «Umemwuliza kwa nini anataka kwenda?» Akanyamaza. Hakuwa amemwuliza. Basi tukaketi na kijana, tukamwacha aseme bila kumkata. Mwishowe akasema kwamba katika trimestri ile alikuwa amefukuzwa mara tatu kwa sababu ya minervali. Kila mara jina lake lilisomwa mbele ya wenzake, na wasichana walicheka. Kumbe hakuchoka na masomo, alichoka na haya. Tena alikuwa akimwona mama akikopa unga, akafikiri: «Nikiondoka, nitapunguza mzigo.» Mbele ya kumwita mtoto mwasi, tujue kwanza ni nini kinachomsukuma. Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao.

Halafu tukahesabu mnara. Tulimwita binamu, tukachukua karatasi. Alikaa Kamituga miezi mitano. Mchimbaji hapati mshahara wa mwezi. Anafanya kazi katika shimo la mtu, anakula kwa deni, na anapata fungu lake siku zahabu inapotoka. Binamu alipata fungu mara mbili tu, jumla dola 260. Deni la chakula na vyombo lilikula 170. Safari ilikula 30, simu 50. Zilibaki dola 10 kwa miezi mitano. Kijana aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Hatukumhubiri, hesabu ilijisemea yenyewe.

Tukamkumbusha pia Septemba 2020, maji ya mvua yalipoingia katika mashimo kule Kamituga na kuua makumi ya watu, wengi wao vijana. Na sheria ya madini ya nchi yetu hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuchimba.

Lakini wapendwa, kuhesabu tu hakutoshi, kwa maana deni la masomo lilikuwa bado liko: dola 45. Baba mwenyewe alikwenda kwa prefe, bila kumtuma mtoto, akaomba kulipa dola 15 kila mwezi kwa miezi mitatu. Prefe akakubali, akaandika kikaratasi ili kijana asifukuzwe tena. Tena wakapatana kwamba Siku ya Posho na wakati wa likizo kijana atamsaidia mama kubeba na kuuza unga sokoni, na sehemu ya faida itakwenda kwa minervali yake. Hivyo alipata heshima ya kuleta kitu nyumbani bila kuacha darasa. Baba naye akaomba msamaha kwa neno lile la kumfukuza. Hilo ndilo lililomfanya kijana alie.

Pengine kwenu minervali imelipwa na mtoto bado hataki. Basi tazameni buletini yake. Akishindwa kila mwaka, labda sekisho si yake, au mikono yake inaitwa kwa ufundi. Useremala, ushonaji na ufundi wa magari ni kazi za heshima, na Bwana wetu alijulikana kuwa seremala. Lakini mpelekeni kwa fundi mnayemjua, mkipatana muda wa kujifunza, asije akatumwa tu miaka yote.

Na kama ameisha kwenda? Baba wa Luka 15 alimwona mwana wake angali mbali, maana yake alikuwa akitazama njia. Mpigieni simu, msimtukane. Mwambieni kitanda chake kingali kipo.

Tuombe. Baba Mungu, utupe masikio ya kuwasikiliza watoto wetu, na mkate wa kuwalisha, ili wasifukuzwe kwa haya wala kwa hasira yetu. Katika jina la Yesu. Amina.