Jina la Baba, Miaka Baadaye

Tuseme mtoto amesajiliwa nchini Kenya kwa jina la mama pekee. Miaka sita baadaye, baba anajitokeza kumkubali. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo kiliwataka wazazi wasiooana waombe kwa pamoja. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema kinakiuka Katiba, kwa kuwa kilimbagua mtoto. Sawa kabisa. Lakini tugeukie upande wa pili: neno la mama likitosha, mwanamume asiyehusika anaweza kubebeshwa mtoto. Ndiyo maana hati ya kiapo ya baba mwenyewe ina uzito; aliyeapa hatakana matunzo kirahisi. Je, baba akiapa na mama akakataa, msajili amsikilize nani?