Akaunti Ipi Ilindwe Kwanza? Mada kwa Waweka Hazina wa Vikoba



Ukimuuliza mweka hazina ni akaunti gani ailinde kuliko zote, atakutajia ya benki, kwa kuwa ndiko fedha ziliko. Mimi naiweka benki nafasi ya tatu, tena kwa kusitasita.

Fungueni kurasa za kuingilia akaunti zenu, mbonyeze "Umesahau nenosiri?", mtazame namba ya uthibitisho inatumwa wapi, kisha mwishie hapo. Mweka hazina wa kawaida atakuta Facebook inatuma kwenye Gmail, WhatsApp inatuma tarakimu 6 kwa SMS, na Gmail yenyewe inarejeshwa kwa namba ya simu. Njia zote zinaishia kwenye laini. Basi laini ni ya kwanza na Gmail ni ya pili, hata kama hazina shilingi ndani.

Mwaka 2012 mwandishi wa jarida la Wired, Mat Honan, aliyaona haya. Wavamizi walitaka akaunti yake ya Twitter tu. Walipata tarakimu 4 za mwisho za kadi yake kupitia Amazon, wakazitumia kuwashawishi wahudumu wa Apple, wakaingia iCloud, wakatoka hapo hadi Gmail, ndipo wakafika Twitter. Njiani walifuta simu yake, tableti na kompyuta, pamoja na picha za mwanawe mdogo.

Ugumu uko kwenye nafasi ya tatu. Muamala wa benki huacha kumbukumbu, una kikomo cha siku, na kuna mtu wa kumpigia auzuie. Mwizi aliyeshika WhatsApp yako huandika kwenye kundi: "Michango ya mwezi huu tumeni namba hii." Wanachama hutuma wenyewe, kwa PIN zao wenyewe, na mfumo hauoni kasoro yoyote. Hasara hiyo si yako peke yako, na lawama utabeba wewe. Kwa mweka hazina, WhatsApp na benki ziko bega kwa bega. Facebook ni ya mwisho, isipokuwa kama unauzia bidhaa huko.

Kuhusu laini, wekeni PIN ya laini. Inasaidia mwizi akiichomoa na kuitia kwenye simu nyingine, ila haizuii tapeli aliyemlaghai wakala amtolee laini mpya yenye namba yako. Kwa hiyo Gmail isitegemee SMS: tumieni programu ya simu inayozalisha namba za uthibitisho, ondoeni namba ya simu kwenye njia za kurejesha akaunti, na namba za akiba ziandikwe kwenye karatasi ikae nyumbani. WhatsApp iwekewe uthibitishaji wa hatua mbili.

Mtandao ukikatika ghafla kwenye simu yako huku jirani anayetumia kampuni hiyohiyo anao, huenda tapeli ameshatolewa laini yenye namba yako; usingoje urudi. Azima simu, ipigie kampuni wafunge laini, kisha waarifu wanachama wasitume chochote.