Kabila Lako Katika Sensa: Jibu Ni Lako

(Hotuba kwa wakazi wa Mwingi Kaskazini)



Leo nitazungumzia swali moja la sensa: kabila lako ni lipi? Wewe hujibu kwa neno moja, lakini afisa wa sensa hurekodi nambari. Kila jamii ina nambari yake katika orodha ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, na majedwali yanayochapishwa baadaye ni jumla ya nambari hizo. Kwa hivyo jamii isiyo na nambari yake haionekani, hata kama watu wake wote wamehesabiwa.

Orodha hiyo hubadilika. Katika sensa ya 1969, Wakipsigis, Wanandi na Watugen walihesabiwa kila jamii peke yake. Katika ile ya 1979 waliwekwa pamoja chini ya jina Wakalenjin. Asiyejua hilo atadhani kabila jipya kubwa lilizuka ndani ya miaka 10, kumbe watu ni wale wale.

Sasa turudi nyumbani, wadi ya Tharaka. Sensa ya 2009 iliwahesabu Watharaka 175,905 nchini, mbali na Wameru, na Wakamba 3,893,157. Tuchukue mfano wa boma moja hapa. Baba ni Mtharaka, mama ni Mkamba, na binti yao anasema yeye ni Mkenya tu. Hayo ni majibu matatu, na yote yanafaa. Hata hilo la Mkenya lina mahali pake: mwaka 2009 watu 610,122 waliandikwa hivyo.

Kosa huingia pale afisa anapoona yuko Kitui, akaandika Wakamba watatu bila kuuliza. Idadi ya watu wa kaunti haiharibiki, kwa sababu watatu ni watatu. Kinachoharibika ni jedwali la makabila: Watharaka wamepungua mmoja, Wakamba wameongezeka wawili, na hakuna atakayegundua akiwa ofisini. Mambo ni hayo hayo Makueni, katika miji ya barabara kuu kama Emali na Mtito Andei, ambako makazi ya mtu hayasemi asili yake.

Mara nyingi pia mtu mmoja hujibu kwa niaba ya boma zima. Basi zungumzeni mapema, kila mtu mzima aseme anavyotaka kuandikwa. Afisa akimaliza, mwombeni awasomee alichoandika kwa kila jina. Kosa hurekebishwa kwa urahisi akiwa bado mlangoni.

Hesabu hii ina mipaka yake. Haisemi mtu anazungumza lugha gani wala ni wa ukoo upi. Inasema tu watu wangapi walijitambulisha kwa jina fulani, na ni wewe unayejua jina lako.